Debe Moja la Kasimiri

Kasimiri fundi bati alikuwa mtu wa kuudhi, na hilo nalisema kwa kumpenda. Kila Jumamosi alifika barazani kwangu, hapa Ng'ambo ya Tabora, vitumbua vyangu vya mwisho vikiwa bado kikaangoni, akikokota baiskeli yenye mzigo wa mabati yanayogongana mpaka mtaa mzima unajua nani kaja. Baiskeli yenyewe alikuwa haipandi. Nyonga yake ya kushoto iliharibika ujanani, alipoanguka mtini akirina asali, na tangu hapo aliishikilia baiskeli ile kama mkongojo, njia nzima kutoka Kwihara hadi mjini. Ukimpa pole anakununia siku nzima. Nikaacha kumpa pole, tukapatana.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba. Makelele yako yameniamshia mtoto wa jirani."

"Basi atakua fundi."

Ndivyo tulivyoamkiana miaka yote. Mimi ni binti Nabhan, watu wa kwetu walikuja Tabora na misafara ya biashara, wakakaa, wakasahau kuondoka. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa shambani, Mkatoliki, mkewe Apolinaria anaimba kwaya. Baraza nilimpa bure, na yeye akanizibia sufuria zangu zote zilizotoboka. Wapo walioniuliza kwa nini namweka pale mwanamume asiye ndugu yangu. Niliwajibu kwamba ndugu zangu hawajui kuziba sufuria.

Alitengeneza vitu vya mafuta ya taa. Kopo la kuwekea mafuta, lenye mkono na kifuniko. Faneli ya kumiminia. Na koroboi, ile taa ndogo ya utambi. Vyote kwa madebe matupu, mkasi wa bati, na chuma cha kulehemu anachokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Kazi yake ilikuwa safi. Ukitia mafuta kwenye kopo la Kasimiri na kuliacha juu ya gazeti usiku kucha, asubuhi gazeti ni kavu. Ila kuuza alikuwa hajui kabisa, Mungu anisamehe. Mtu akija anachukua koroboi moja tu. Akifika nyumbani anaijaza kwa kikombe cha chai, nusu ya mafuta inaingia, nusu inanywewa na sakafu. Kumbe faneli ilikuwa pale pale mkekani, mbele ya macho yake.

Wakati ninaousimulia, kijiji chao kilikuwa kimeshageuzwa kijiji cha ujamaa. Shamba la tumbaku la pamoja, duka la pamoja, na karakana ndogo ya mabati, ambayo fundi wake alikuwa Kasimiri peke yake. Mapato yanakwenda kijijini, naye anapata fungu lake kama wengine. Mambo mazuri. Lakini Jumamosi moja, jua la kiangazi likiwa limekausha kila kitu, alifika kimya mpaka nikadhani anaumwa.

"Masele kasema," akaniambia. Masele alikuwa mwenyekiti wa kijiji. "Karakana inakula mkaa na haileti kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, mistari ya tumbaku inagawanywa. Kama mabati hayauziki, karakana inafungwa, na mimi napewa mstari wa kulima."

"Si watakupa mstari mfupi?"

Aliniangalia vibaya. "Nikiinama kidogo tu, mguu huu unakufa ganzi. Nitabaki nyuma, watu watamaliza ya kwao, watarudi kunimalizia yangu. Watafanya kwa moyo mweupe, hata Masele mwenyewe. Bi Tufaha, mimi sitaki kulimiwa."

Nikamwekea vitumbua viwili mbele yake.

Juma lililofuata alikuja na akili mpya. Amevifunga vile vitu vitatu pamoja kwa kamba ya katani: kopo, faneli na koroboi. Mtu achukue vyote kwa mara moja, kwa bei nafuu kuliko kuvinunua kimoja kimoja. Akili yenyewe ilikuwa nzuri, nikamsifu. Akaniambia jina lake: Fungu la Azimio.

Enzi zile kila kitu kilikuwa Azimio. Kulikuwa na kinyozi wa Azimio na hoteli ya Azimio. Nikamwambia jina hilo limechoka, akasema ni jina la heshima. Haya. Mteja wa kwanza alikuwa Veneranda, mke wa mlinzi wa stesheni, mwanamke mwenye hesabu kali na mdomo mkali zaidi.

"Mama, karibu Fungu la Azimio," Kasimiri akamwita kwa sauti ya mkutano.

Veneranda wala hakugeuka. "Mchango wa mwezi huu nimeshatoa," akasema, akazidisha mwendo.

Nilicheka mpaka nikaunguza vitumbua. Lakini wa pili naye alipita hivyo hivyo, na wa tatu akauliza kama stakabadhi zinatolewa. Ilibidi nimkimbilie Veneranda na mwiko mkononi nimrudishe, nikamweleza kwamba si mchango, ni vitu, vinauzwa.

"Vitu gani?"

"Vitu vya mafuta ya taa. Kopo shilingi nne," Kasimiri akasema, "faneli mbili, koroboi moja. Jumla saba. Ukichukua fungu zima, unanipa tano. Umeokoa mbili."

Veneranda aliweka kikapu chake chini. Nilimjua, akiweka kikapu chini ujue mtu anakwenda kuumia.

"Baba," akasema, "kopo hili Jumamosi iliyopita ulimuuzia shemeji yangu kwa ngapi?"

Kasimiri akakohoa. "Tulipatana."

"Mlipatana kwa mbili na sumuni. Faneli uliniuzia mimi mwenyewe kwa shilingi. Koroboi kila mtu anachukua kwa sumuni, nusu shilingi. Jumla yangu mimi ni nne. Wewe unanipa kamba ya katani unataka tano. Kwa hiyo kamba peke yake ni shilingi nzima?"

Akabeba kikapu chake, akaenda zake. Wanawake waliokuwa wanasubiri vitumbua wakaangua kicheko, na nasikitika kusema mimi nilikuwa ndani yake.

Lakini jamani, alikuwa na haki. Hapa kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Mwuzaji anataja nne, mnunuzi anashika kifua, anataja moja na nusu, wanakwenda wakirudi, wanaishia mbili na sumuni, wanaagana kwa mapenzi. Hakuna aliyewahi kulipa nne kwa kopo la Kasimiri tangu alipozaliwa. Sasa huwezi kuchukua bei ya salamu ukaijumlisha, ukamwambia mtu ameokoa kitu. Ameokoa upepo. Mtu anahesabu kwa pesa iliyotoka mfukoni mwake.

Nilimweleza hivyo, kwa ukali labda, maana nilikuwa namwonea huruma na sikuweza kumwonyesha. Akanisikiliza, akanuna, akafunga mzigo wake.

Jumamosi iliyofuata akarudi na kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Fungu zima alilitangaza shilingi mbili.

"Wewe," nikamwambia, "kopo peke yake linakwenda mbili na sumuni."

"Ndiyo. Kwa hiyo wataona wazi kwamba ni rahisi."

Waliona, tena waliona kupita kiasi. Mwanamke mmoja alilinusa kopo, akalirudisha. Mwingine akauliza madebe yametoka wapi, maana alisikia kuna madebe ya dawa ya tumbaku yanayookotwa mashambani na kuuzwa mjini. Mwenzake akasema hapana, hayo yatakuwa ya wizi, akatazama huku na huku kama anatafuta polisi. Ndani ya saa moja watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Kasimiri aliuza koroboi mbili tu, kwa mtu mgeni aliyeshuka garimoshi la Kigoma na asiyejua habari za mjini.

Mchana ule alikaa ameegemea ukuta wangu, miguu ameinyoosha, anatazama mbingu. Kulikuwa na kiwingu kimoja kidogo upande wa Ntalikwa. Nilimpelekea chai, nikakaa karibu naye, na safari hii sikufoka.

"Hebu niambie kweli," nikasema. "Ukiwauzia vyote vitatu pamoja, wewe unapata nafuu yoyote? Au unajikata mkono tu?"

Akafikiri. Akainua debe tupu, akaligeuza geuza. "Napata. Debe moja lina pande nne, kitako na uso. Kopo linachukua pande mbili na kitako. Faneli inatoka upande wa tatu. Koroboi inatoka wa nne, na kifuniko cha kopo natoa kwenye uso. Nikikata vyote siku moja, silazi kipande. Halafu chuma nakipasha mara moja, nalehemu vyote kwa mkaa ule ule. Mtu akinunua kopo peke yake, vipande vinabaki karakanani vinashika kutu mpaka atokee wa faneli."

"Na hayo umewahi kumwambia mteja?"

"Mteja anataka kopo. Bati langu nalikataje, yanamhusu nini?"

Nilishika kichwa. Mtu huyu alikuwa na sababu ya kweli ya kuuza kwa bei nafuu, sababu unayoweza kuishika mkononi, na alikuwa ameificha Kwihara chini ya gunia.

Tukakaa tukapanga. Kwanza, bei za kimoja kimoja ziwe zile zile ambazo watu wanalipa kweli: kopo mbili na sumuni, faneli shilingi, koroboi sumuni. Ziandikwe kwa mkaa kwenye ubao, na zisishuke wala zisipande, kwa mtu yeyote. Hapo tuligombana. Mimi nilisema hakuna mtu wa Ng'ambo atakayenunua bila kupatana, ni kama kula wali usio na chumvi. Yeye akashika hapo hapo: kama bei ya kimoja inacheza, bei ya fungu nayo hakuna atakayeiamini. Alikuwa na haki, nikamletea kipande cha mkaa.

Pili, fungu zima liwe shilingi tatu. Vyote vitatu kimoja kimoja ni nne, kwa hiyo anayechukua fungu anabaki na shilingi moja. Na shilingi moja ndiyo bei ya faneli. Huhitaji kalamu. Umelipia kopo na koroboi, faneli imekuja yenyewe.

Tatu, jina. Mimi nilipendekeza Nuru ya Nyumba, nikaliona zuri sana. Kasimiri akakataa katakata.

"Nuru hata mshumaa ni nuru," akasema. "Liitwe Debe Moja. Mtu akiuliza kwa nini linaitwa hivyo, nitamwonyesha."

Jina kavu, halina hata manukato kidogo. Nilimwambia hivyo. Akasema anauza mabati, hauzi manukato.

Alianza na ubao peke yake, hakuleta fungu kwanza. Lo, wateja walivyoteseka. Walishika vifua, waliapa kwa watoto wao, walijifanya wanaondoka. Kasimiri anajibu, "Mbili na sumuni, mama," kwa upole, kama mtu anayetaja jina lake. Mmoja alimwita Mgiriki, maana maduka ya Wagiriki hayapunguzi bei. Wengine walikwenda kwa mafundi wa sokoni, wakapatana huko mpaka jasho likawatoka, wakaishia bei ile ile ya kwenye ubao. Basi wakarudi, na aliyerudi alimleta mwenziwe amwone mwendawazimu asiyepunguza. Ilipofika watu kuzitaja bei zake kabla hawajafika barazani, akasema sasa ni wakati.

Alikuja na madebe matupu na jiko lake la mkaa, akaketi katikati ya baraza langu, na makelele yake yakajaza uwanja. Aliingiza mkasi kwenye debe mbele ya watu. Pande mbili na kitako, hili kopo. Upande huu, hii faneli. Huu mwingine, hii koroboi. Alipomaliza kukata, kilichobaki mkekani kilikuwa vijipande vya kumtosha kuku kuchezea. Halafu akaingiza chuma motoni mara moja, akalehemu vyote.

Veneranda alikuwa amesimama mbele kabisa, kikapu chini.

"Kimoja kimoja nne," akasema polepole. "Vyote tatu."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo shilingi unaitoa wapi?"

Kasimiri akamwonyesha vile vijipande, na jiko. "Hapa sikutupa bati, na mkaa nimewasha mara moja. Nafuu niliyoipata tunagawana."

Veneranda alitia maji kwenye kopo, akaliinua juu ya kichwa chake, akangoja. Halikudondosha hata tone. Akatoa shilingi tatu bila neno, na kwa Veneranda, kukosa neno ilikuwa sifa kubwa. Kabla ya adhuhuri madebe yalikuwa yamekwisha. Wiki zilizofuata ilibidi Apolinaria aje kumsaidia kubeba, anaimba nyimbo za kanisani huku anafunga kamba, na mimi vitumbua vyangu vikauzika kwa watu waliokuja kutazama bati likikatwa. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Nilipika hadi vya kugawa bure.

Ndipo mawingu yakakusanyika, na Masele akaja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, mbingu zimefunga. Masele alikuwa mtu mrefu, shati la kijani, mwendo wa mtu aliyezoea kungojwa. Baraza lilikuwa limejaa wanawake, Veneranda naye yumo, amekuja kumnunulia dada yake Debe Moja na ameshalipa. Kasimiri aliposimama kumsalimia, niliona mkono wake unatafuta ukuta.

Masele aliangalia ubao, akaangalia mafungu. "Nipe hili, fundi. Mke wangu analitaka." Akatoa pesa. "Mbili na sumuni."

"Ni tatu, Ndugu Mwenyekiti."

"Najua ubao unasema tatu. Nasema mimi mbili na sumuni. Bati ni la kijiji, na kijiji mimi ndiye mwenyekiti wake."

Nilimkanyaga Kasimiri mguu, ule mzima, kwa nguvu. Sumuni tu, nikamwambia moyoni, mwanaharamu wewe. Kwa sumuni moja unataka kwenda kuinama kwenye tumbaku maisha yako yote? Nilitaka kuitoa sumuni hiyo kwenye upande wa kanga yangu niitupe mkekani. Alinielewa, maana alinitazama, na nikaona anaogopa kuliko mimi.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mama huyu amenipa tatu sasa hivi. Nikikupa wewe kwa mbili na sumuni, yeye nimemwibia sumuni mbele ya macho yake. Na wote walionunua kabla yake."

Masele aliweka fungu chini. Akageuka, akaenda zake kuelekea sokoni, na wanawake wakampisha.

Sitarudia maneno niliyomwambia Kasimiri baada ya hapo, maana mengine si ya mwanamke anayeswali. Apolinaria alikaa chini akafunika uso. Kasimiri akachukua mkasi akaendelea kukata.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha Masele aliporudi. Alikuwa anatoka jasho. Akasimama mbele ya ubao tena.

"Nimezunguka kwa mafundi wote wa sokoni," akasema. "Nimepatana nao mpaka koo linaniuma. Kopo mbili na sumuni, faneli shilingi, koroboi sumuni, hawashuki zaidi ya hapo. Na wawili kati yao wameniambia niende kwa kilema wa barazani, ndiye asiyedanganya bei."

Neno lile lilimchoma Kasimiri, nililiona likiingia. Masele naye nadhani aliliona, maana alishusha sauti.

Akatoa shilingi tatu, akaziweka mkekani, akachukua Debe Moja lake.

"Mvua zikinyesha nitasoma majina ya mistari," akasema. "Lako halitakuwemo. Litakuwa kwa mafundi, na vitalu vya tumbaku vinataka makopo ya kumwagilia miche, kwa hiyo usilale. Usinishukuru. Sikufanyii huruma."

"Utalisoma mbele ya watu wote?" Kasimiri akauliza.

"Mbele ya watu wote."

Masele aliondoka. Kasimiri akavuta debe jipya, akaingiza mkasi, akakata mara moja na bati likaenda upande, akakata tena likaharibika zaidi. Lilikuwa debe la kwanza nililowahi kumwona akiliharibu. Alikuwa analia, hajifuti, anaendelea kukata tu. Apolinaria alimwondolea mkasi mkononi taratibu. Mimi nililia kwa sauti, kama ilivyo desturi yangu, na Veneranda akawaambia wateja wasubiri.